Usingizi wa mchana ni sehemu ya zamu ya usiku

Mzazi anayefanya kazi usiku akionekana nyumbani mchana, jamaa na majirani humhesabu kuwa yupo, na mara nyingi hata mwenzi wake humhesabu hivyo. "Si upo nyumbani? Mtoto atalala na wewe utalala." Kauli hiyo husemwa kwa nia njema, lakini naipinga kwa nguvu zote, kwa sababu inamwacha mtoto mchanga mikononi mwa mtu ambaye hajalala tangu jana.

Usingizi wa mtoto hauwezi kuubeba usingizi wa mzazi. Mtoto wa miezi saba hulala mchana mara mbili au tatu, pengine nusu saa, pengine saa moja na nusu, na hakuna anayejua mapema itakuwa ipi. Mzazi naye mwili wake unapambana na mwanga, joto na saa yake ya ndani, ndiyo maana usingizi wa mchana huwa mfupi na mwepesi kuliko wa usiku hata chumba kikiwa kimya. Akiamshwa kila baada ya dakika arobaini, saa tano alizokaa kitandani hazimpi mapumziko ya saa tano, kwa kuwa kila mara anaanza upya kushuka kuelekea usingizi mzito.

Hatari kubwa zaidi haipo kitandani bali kwenye kochi. Mzazi aliyechoka huketi na mtoto kifuani, akisema atapumzika kidogo tu huku akimnyonyesha au kumpa chupa, kisha usingizi unamchukua bila yeye kujua. Mtoto anaweza kuteleza kati ya mwili na mto wa kochi, pua ikazibwa. Dalili ya kwamba hali imefika huko ni kichwa kinachodondoka wakati wa kumlisha, au kushindwa kukumbuka kama mtoto alishakula. Hapo mtoto awekwe mara moja kwenye kitanda chake, chali, juu ya godoro gumu lisilo na mito, hata kama atalia.

Kwa hiyo, msaidizi wa kumtunza mtoto apangiwe saa za usingizi wa mzazi kwa uzito uleule wa saa za kazi za mzazi huyo. Tuchukue mzazi anayetoka kazini saa 12:00 asubuhi na kufika nyumbani saa 1:00, ilhali mwenzi wake anaondoka saa 2:00. Yaya au ndugu afike saa 1:30, ili makabidhiano yafanyike mwenzi angali yupo: mtoto amekula saa ngapi na kiasi gani, amebadilishwa nepi lini, ameamka saa ngapi. Yaandikwe kwenye karatasi iliyobandikwa jikoni, maana mtu aliyekesha hafai kuulizwa mambo hayo. Mzazi alale kuanzia saa 2:00 hadi saa 7:30 mchana, ajipe nusu saa ya kuchangamka kabla ya kupokea mtoto, kwa kuwa akili huchelewa kuamka kuliko macho, na msaidizi aondoke saa 8:00. Mwenzi akirudi saa 11:00 jioni, mzazi alale tena saa moja na nusu kabla ya kurudi kazini. Jumla inakuwa saa saba, na sehemu kubwa yake haikukatwa.

Mpango huo huvunjika zaidi mlangoni mwa chumba cha kulala. Msaidizi anaingia kuuliza nepi ziko wapi, dakika chache baadaye anauliza kama mtoto aoge. Afadhali wakubaliane mapema mambo machache ya kumwamshia mzazi: mtoto kupumua kwa shida, kuanguka, homa, au kukataa kula mara mbili mfululizo. Kwa mtoto aliye chini ya miezi mitatu, joto la nyuzi 38 au zaidi si jambo la kusubiri. Apelekwe kwa daktari. Mengine yote yamalizwe bila kugonga mlango. Mama anayenyonyesha ana ziada yake: maziwa yaliyokamuliwa yawepo kwenye jokofu, ambamo hukaa salama hadi siku nne, na yeye mwenyewe huenda akahitaji kuamka mara moja kukamua ili matiti yasijae kupita kiasi.

Kuna siku moja ambayo familia nyingi huisahau, nayo ni ile inayofuata zamu ya mwisho. Msaidizi hupewa mapumziko kwa kuwa mzazi "haendi kazini leo", ilhali ametoka kazini asubuhi hiyohiyo akiwa na uchovu wa usiku kadhaa uliorundikana. Siku hiyo ilipiwe na kupangwa kama nyingine. Vilevile mtu wa akiba aombwe na akubali kabla zamu hazijaanza, kwani msaidizi akipiga simu saa 1:15 asubuhi kusema anaumwa, mzazi aliyetoka kukesha ndiye mtu wa mwisho anayepaswa kuanza kutafuta mbadala.