Nembo nusu ukurasa, kitambaa maneno mawili

Nimeletewa oda ya ovaroli za mafundi wa kuchomelea. Karatasi ni ya kampuni, ina mhuri. Nembo ya mgongoni imeelezwa kwa sentimita, kijani chake kimetajwa kwa namba, rifrekta zikae mikononi, miguuni na kifuani, jina la fundi lidariziwe juu ya mfuko wa kushoto. Kuhusu kitambaa kuna maneno mawili: "kitambaa imara". Basi. Watu watakaochuchumaa mbele ya cheche kutwa nzima wamepewa maneno mawili.

Nikampigia kijana wa manunuzi. "Dada, weka ile ile bluu unayowashonea watu wa gereji," akaniambia. "Ile nzuri, haipauki wala haijikunji."

Ni kweli haipauki, na kasoro yake ndiyo hiyo hiyo. Ile bluu inayometameta dukani, inayokauka kabla hujamaliza kuanika, ni mchanganyiko wa polista na pamba, mara nyingi polista 65 kwa pamba 35. Kwa mtu anayefungua gia boksi haina neno. Kwa mchomeleaji ni balaa, na wengi wetu tunaoshona tunalijua hilo ila tunanyamaza kwa sababu kitambaa hicho ni rahisi na sindano inapita bila kugombana.

Polista haingoji kuwaka, inayeyuka kwanza, kwenye nyuzijoto 250 hivi. Tone la chuma linaloruka kutoka kwenye rodi limetoka kwenye joto la zaidi ya 1,500. Likitua kwenye polista tupu linatoboa tundu, plastiki iliyoyeyuka inajikunja pembeni na kuganda kwenye ngozi. Sasa watu hudhani ukichanganya na pamba unapunguza ubaya. Wapi! Pamba haiyeyuki, inageuka mkaa na kubaki imesimama, kwa hiyo polista iliyoyeyuka haipati nafasi ya kudondoka. Inabaki pale pale kwenye pamba na kuendelea kuwaka, pamba ikifanya kazi ya utambi wa kibatari na polista ikiwa mafuta yake. Ndiyo maana mkono wa ovaroli ya mchanganyiko ukishika moto hauzimiki kwa kupigwapigwa na kiganja, na anayejaribu anaunguza kiganja pia.

Niliwahi kuletewa moja ya hivyo niiweke kiraka. Mkono ulikuwa umekuwa mgumu kuanzia kiwiko kushuka, kingo nyeusi zinakwaruza kama kucha. Mwenye nguo alikuwa amefunga bendeji. Anauliza kiraka bei gani! Nikamwuliza ndani alikuwa amevaa nini. Jezi. Naam, jezi ya mpira, polista mia kwa mia, chini ya ovaroli ya mchanganyiko. Niwaombe jambo moja kwa heshima zote, wapenzi wa timu zote mbili za Kariakoo: jezi ibaki nyumbani siku ya kuchomelea. Fulana kuukuu ya pamba, hata yenye picha ya mgombea wa uchaguzi uliopita, ina faida kuliko jezi mpya, ilimradi uhakikishe kweli ni pamba, maana na hizo siku hizi nyingine ni polista.

Utahakikishaje? Lebo usiziamini sana, zinashonwa na watu wenye cherehani kama mimi. Omba kipande kidogo cha kitambaa au chomoa nyuzi chache kwenye pindo la ndani, zote mbili, za wima na za mlalo, kwa sababu kuna vitambaa vina pamba upande mmoja na polista upande wa pili. Shika kwa koleo, nje, mbali na vitambaa vingine, washa kiberiti. Pamba inawaka na kunuka karatasi iliyoungua, inaacha jivu laini la kijivu linalopeperuka ukilipuliza. Polista inarudi nyuma ikikimbia moto, inatoa moshi mweusi na kuacha kishanga kigumu cheusi ambacho hukivunji kwa vidole. Mchanganyiko unakupa vyote viwili: unawaka vizuri tu, halafu kwenye majivu unakuta vipunje vigumu. Ukivihisi, hiyo si ya mchomeleaji, hata muuzaji akikuapia.

Uzito ni jambo la pili. Watu hupima kwa kufinya na vidole viwili huku wamefumba macho, kama wanaonja mchuzi. Kipimo chenyewe ni gramu kwa mita ya mraba na hakihitaji maabara. Kata mraba wa sentimita 10 kwa 10, mpelekee sonara akupimie, zidisha kwa 100. Ile bluu ya kijana wa manunuzi nilimkatia kipande, kikatoka gramu 2.1, maana yake 210. Kando yake nikaweka khaki nzito ya pamba, ikatoka 3.2, yaani 320. Kwa kuchomelea mimi sishuki chini ya 300. Cheche ndogo ikitua kwenye kitambaa kizito na kilichofumwa kwa kubana inapoa na kubingirika kabla haijapita. Kwenye chepesi inapita ikiwa bado nyekundu. Zaidi ya hapo kuna mwanga wa kuchomelea wenyewe, ule unaobabua shingo kama jua la ufukweni. Kitambaa chepesi cha rangi hafifu kinaupitisha, na mwanga huo huo unakula nyuzi polepole kifuani na mikononi. Inua ovaroli ya zamani uelekeze dirishani, ukiona nuru inapenya kwenye kifua kuliko mgongoni, imekwisha, hata kama haina tundu.

Haya, najua mtakachosema. Dar, Februari, chini ya bati, khaki ya 320. Ni mateso, sikatai. Fundi atafungua zipu hadi kitovuni na kukunja mikono, na hapo uzito wote umepotea bure. Kwa hiyo mtu akiniambia hawezi, simshonei ovaroli ya kipande kimoja. Namshonea suruali nzito na jaketi la pamba, jaketi analivaa akiwasha mashine na kulivua akimaliza, na juu yake aproni ya ngozi na mikono ya ngozi. Lakini jaketi lishuke hadi chini ya kiuno vya kutosha, lifunike suruali hata akiinama. Pengo la kiunoni hupokea cheche kuliko sehemu nyingine yoyote.

Tena pamba tupu siyo kinga ya moto, tusidanganyane. Pamba nzito inachelewa kushika, lakini ikishika inaungua taratibu bila mwali, na fundi aliye ndani ya kofia hasikii mpaka joto limfikie. Nguo ya kinga hasa ni pamba iliyotiwa dawa kiwandani, ukiondoa mwali nayo inazimika yenyewe. Hiyo lebo yake ya ndani ina namba: ISO 11611, halafu daraja la 1 au la 2. Anayechomelea mageti kwa rodi za kawaida za 6013 daraja la 1 linamtosha. Anayetumia rodi za 7018, mashine ya MIG ya gesi ya kaboni, au anayekata vyuma kwa gesi, huyo ni daraja la 2. Bei yake inauma. Ila ukishainunua usiiue kwa mikono yako. Jiki inaharibu dawa. Sabuni ya kipande kwenye maji magumu ya kisima inaacha utando kwenye nyuzi, na utando huo unawaka. Wanga ndiyo kabisa: umechukua nguo ya kuzuia moto ukaipaka chakula cha moto, ukaipiga pasi ionekane nadhifu.

Na wale mafundi wa magari wanaochomelea eksozi mara mojamoja, mnanisikia? Nguo yenye dizeli kifuani inawaka, iwe na dawa, iwe na daraja gani. Muwe na jaketi la pembeni, safi, la kazi hiyo tu.

Uzi nao: ovaroli ya pamba iliyoshonwa kwa uzi wa polista inafunguka mishono cheche zikipita. Zipu za plastiki zinayeyuka. Zile rifrekta za bei rahisi zinayeyuka pia, na mwenye oda alizitaka kifuani, pale pale cheche zinapotua.

Tuje kwenye mifuko. Kwa mchomeleaji kila mfuko ulio wazi ni kapu la kupokea chuma cha moto. Mifuko ya kifua naiwekea kifuniko kinachozidi mdomo wa mfuko kwa sentimita moja kila upande, kisha naficha kishikizo chini yake, maana kishikizo cha chuma kilicho nje kinapata moto na kinaweza kugusana na umeme wa mashine. Mifuko ya mapajani siweki kabisa: anapochuchumaa midomo yake inafunguka kuelekea kazini. Ile tundu ya pembeni ya kupitishia mkono kufikia suruali ya ndani, inayopendwa sana, inapeleka cheche moja kwa moja kwenye kinena. Mkunjo wa nje kwenye pindo la suruali nao ni mfuko, na jinzi za mitumba zilizochanika nyuzi zikining'inia zinashika kwa cheche ya grenda tu. Kiberiti cha gesi kwenye mfuko wa kifua, hapana. Simtafutii mtu mahali pa kukiweka.

Fundi wa magari ana shida tofauti kabisa na hapa polista ipite, uzito wa 240 hivi unamtosha. Mfuko wake wa kifua uwe na kifuniko kwa sababu nyingine: anainama juu ya injini siku nzima, na kalamu au nati ikidondokea kwenye chemba ya taimingi kazi ya saa moja inakuwa ya siku mbili. Vishikizo vyote vifichwe ndani ya ukanda, na zipu pia, asikwaruze rangi ya bonati ya mteja. Mifuko ya nyuma isiwe na chuma chochote, maana anakalia viti vya watu. Bisibisi kwenye mfuko wa nyuma mtu akilala chini ya gari inamchoma kiuno, kwa hiyo mfuko mrefu wa zana naushona pajani, nyuma kidogo ya mshono wa pembeni, na chini yake naacha tundu dogo lenye mshono wa kuzunguka ili mchanga na vipande vya chuma vimwagike badala ya kukaa humo mpaka siku ya kufua.