Muuza jumla mmoja si tatizo, barabara moja ndiyo tatizo

Mwenye mgahawa wa Dodoma anayenunua mboga zote kwa muuza jumla mmoja husikia ushauri uleule kila anapokaa na watu wa hesabu: tafuta wa pili, gawa oda nusu kwa nusu, usimtegemee mtu mmoja. Anayetoa ushauri huo hana nia mbaya, na hoja zake nitazifikia. Lakini kwa jinsi mboga zinavyoingia katika jiji hili, naona unamgombanisha mwenye mgahawa na mtu anayemfaa, halafu hatari yenyewe inabaki pale pale.

Tuanze na nyanya, maana ndizo zinazoumiza zaidi. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na mvua yenyewe ni haba. Mboga za majani zinalimwa humuhumu penye visima na mabwawa kama Hombolo, lakini nyanya za kutosha migahawa ya jiji husafiri. Kusini zinatoka Ilula na maeneo mengine ya Iringa, zinapita Mtera. Mashariki kuna Mlali na sehemu nyingine za Morogoro, na njia ni Gairo na Kibaigwa. Kaskazini zinatoka Arusha, pande za Ngarenanyuki, zinashuka kwa Babati na Kondoa. Kwa hiyo mpango wa mwenye mgahawa unasimama juu ya barabara tatu, hata kama hajawahi kuziona.

Sasa chukua wauzaji wawili wa jumla wenye meza zinazofuatana sokoni Majengo. Wote wawili wanapokea matenga yaliyoshuka kutoka Fuso moja usiku wa manane, dalali wao ni yuleyule, na mzigo umetoka bonde lilelile. Ukigawa oda kati yao umepata stakabadhi mbili na namba mbili za simu, lakini gari likilala Mtera wote wawili watakujibu neno moja: mzigo haujaingia. Njia ya kulitambua hili ni rahisi. Kwa wiki nne, andika bei ya tenga ya kila mmoja asubuhi hiyohiyo, na uulize mzigo ni wa wapi. Bei zao zikipanda na kushuka siku moja kwa kiasi kilekile, huna wasambazaji wawili. Na usiishie kwenye bei ya tenga, kwa sababu tenga halina uzito mmoja. Pima kwenye mzani, ugawe, uandike bei ya kilo. Bila hivyo unaweza kumwona mtu ni nafuu kumbe tenga lake ni dogo.

Hasara ya kugawa nusu kwa nusu, ambayo mimi naiona kubwa kuliko zote, huonekana siku ya uhaba. Muuza jumla aliyetarajia matenga sitini akapokea ishirini hawezi kuyauza kwa kila aliyepiga simu. Anapanga watu kichwani. Wa kwanza ni yule aliyenunua mwaka mzima, aliyechukua hata wiki ambayo nyanya zilijaa soko zima na bei ikaanguka, na anayelipa bila kukimbizwa. Baada yake wanafuata wanaonunua mara kwa mara. Wa mwisho ni mteja wa kupita, ambaye akibahatika ataachiwa masalo. Mwenye mgahawa aliyegawa oda yake katikati ameshuka daraja kwa wote wawili, bila hata mmoja wao kumwambia. Ataligundua Aprili, Bunge la bajeti linapoanza na wageni kujaa jijini hadi mwisho wa Juni. Mwezi huohuo mvua za nyanda za juu zimeacha ugonjwa wa bakajani kwenye mashamba ya nyanya, na barabara bado hazijatulia. Mahitaji yanapanda wakati mzigo unapungua. Hapo nafasi yako kwenye orodha ya yule muuzaji ina thamani kuliko punguzo lolote ulilopata kwa kushindanisha bei mwezi Septemba.

Kuna na mkopo. Migahawa mingi huchukua mboga kwa mali kauli, ikalipa mwisho wa wiki. Huo ni mtaji wa muuza jumla unaozunguka jikoni kwako, na hakuna benki itakayokupa kwa masharti hayo. Anayechagua nyanya kwa niaba yako alfajiri, akijua kwamba za rosti ziwe zimeiva kabisa na za kachumbari ziwe bado ngumu, anafanya kazi ambayo kwa muuzaji mgeni itabidi ukaifanye mwenyewe.

Hata hivyo wanaopinga wana hoja mbili ambazo haifai kuzipuuza. Ya kwanza ni kwamba muuza jumla ni binadamu. Ataugua, atasafiri kwenda msibani, simu yake itaibiwa, au mtaji wake utakatika kwa sababu wateja wengine hawakumlipa. Barabara zote tatu zinaweza kuwa wazi, na wewe ukakosa mzigo. Ya pili inauma zaidi: mkopo unaokufaa ndio unaokufunga. Aliyezoea kulipa Jumamosi hana pesa mkononi Jumatano, na muuzaji asiyemjua hatampa hata sado bila fedha taslimu. Anayedaiwa pia huona haya kulalamika anapoletewa nyanya zilizopondeka, au anapopandishiwa bei kidogo kidogo. Nimeona watu wakibaki na muuzaji mmoja kwa sababu tu ya deni, na hilo haliwezi kuitwa uaminifu.

Nikipima pande zote mbili, naona mwenye mgahawa abaki na mtu wake, ila akate kipande kidogo cha oda akipeleke kwenye barabara nyingine. Kipande hicho kiwe cha kudumu, mwaka mzima.

Tuchukue mgahawa wa mfano. Unafanya kazi siku sita kwa wiki na unatumia kilo 20 za nyanya kwa siku, yaani kilo 120 kwa wiki. Tenga lake likipimwa lina kilo 40, basi ni matenga matatu kwa wiki, sita kwa wiki mbili. Muuza jumla wake huleta mzigo wa Iringa. Kati ya matenga hayo sita, moja linunuliwe kwa muuzaji ambaye mzigo wake unapita Kondoa au Gairo. Tuseme tenga hilo ni ghali zaidi kwa shilingi 6,000 kuliko la Iringa. Kwa mwaka ni matenga 26, nyongeza ya shilingi 156,000. Sasa tuseme mzigo wa kusini umekatika siku nne, na kilo ya kawaida ya shilingi 1,500 imefika 4,000 kwa wauza rejareja. Kwa kilo 20, kila siku unapoteza shilingi 50,000 zaidi, na siku nne ni 200,000. Pengo moja la siku nne limekula zaidi ya gharama ya mwaka mzima. Weka bei zako halisi, lakini hesabu ifanye hivyohivyo.

Machi 2020 daraja la Kiyegeya wilayani Gairo lilipokatika, barabara ya Morogoro na Dodoma ilikatika nalo. Siku kama hizo aliye na mtu wa Mtera hupika, na mwenye wauzaji watano wote wa njia ya Gairo hukosa kwa watano.

Wadudu na magonjwa nao wana majira yao. Mdudu kantangaze hushamiri kwenye joto na ukame, bakajani chelewa hupenda mvua na baridi. Bonde moja linaweza kuwa limeathirika wakati jingine linavuna, kwa hiyo barabara ya pili inakupa pia hali ya hewa ya pili. Ndiyo maana swali la kumuuliza muuzaji wako si bei tu: mwezi huu mzigo unatoka wapi, na mwezi ujao utatoka wapi? Majibu yake yaandike ukutani kwa miezi 12. Huenda ukagundua kwamba kwa miezi fulani yeye mwenyewe anahama kutoka Iringa kwenda Morogoro, na hapo tenga lako la pembeni nalo linapaswa kuhama.

Mboga nyingine hazihitaji haya yote. Kitunguu kilichokaushwa vizuri, kikatandazwa juu ya kichanja penye hewa, kinakaa wiki kadhaa, kwa hiyo gunia la akiba linatosha kuwa msambazaji wa pili. Kabichi nzima inavumilia wiki moja kivulini. Mchicha na chainizi haziwekeki, lakini zinalimwa karibu. Mjue mkulima mmoja mwenye kisima, ununue kwake mara moja kwa wiki ili akufahamu.

Kuhusu pesa, weka kando fedha za mboga za siku nne kwa bei mara mbili. Mboga za siku zikiwa shilingi 120,000, hiyo ni shilingi 960,000, na ziwe kwenye namba ya simu isiyotumika kulipia kitu kingine. Kwa mgahawa mdogo ni fungu zito, nalijua, na linaweza kujengwa kwa miezi. Lakini ndilo linalokutoa kwenye kifungo cha deni: mwenye fedha taslimu za siku nne anaweza kukataa tenga lililooza.

Muuza jumla wako mwambie wazi unachofanya. Akilisikia kwa mwingine, utakuwa umeharibu ile nafasi uliyoitunza. Mwambie matenga matano kati ya sita ni yake, na umwombe mambo mawili. Kwanza, gari likiwa halijaondoka shambani hadi saa kumi jioni, apige simu jioni ileile, asingoje alfajiri. Pili, akupe jina na namba ya mtu atakayeshika meza yake akiwa hayupo, na mtu huyo ajue oda yako na deni lako.

Inabaki hali ambayo barabara zote ni kavu na nyanya hazipo, kwa sababu ugonjwa umepiga pande zote. Hapo hakuna muuzaji wa kukuokoa, mmoja wala kumi, na kazi inahamia jikoni. Kwenye ule mfano wetu, kilo 14 kati ya 20 zinaingia kwenye rosti na mchuzi, kilo 6 kwenye kachumbari. Kilo moja ya nyanya ya kopo iliyo nzito hufanya kazi ya kilo tano hadi sita za nyanya mbichi, basi kilo 10 za kopo zinabeba mchuzi wa siku nne. Rosti itakuwa nyekundu zaidi na chachu zaidi, na mpishi apunguze ndimu. Kachumbari haina mbadala wa kopo. Siku hizo iwe ya kabichi, karoti na kitunguu, na mhudumu amwambie mteja kabla hajaagiza.