Nimemwambia nimemkumbuka, kaniambia nikalale

Jamani hii ya kutongozana kwa vikatuni imenishinda, na siongei kwa wivu, naongea na ushahidi upo kwenye simu. Enzi zile ukimtaka mtu unaandika barua, unainyunyizia pafyumu, unachora moyo wenye mshale kwa peni nyekundu, na moyo wenye mshale ulikuwa moyo wenye mshale, hakuna aliyepokea akakaa kujiuliza huyu kakusudia nini. Sasa hivi imoji zimepita elfu tatu, na kila moja ina maana yake huko ilikozaliwa, ina maana nyingine mtaani kwetu, halafu kuna maana iliyopo kichwani kwa huyo unayemtaka, na hiyo ndo pekee inayohesabika.

Chukua hii 😪. Kuna dada ana saluni mtaa wa nyuma, tulikuwa tunachati mdogomdogo, za leo, pole na kazi, umeme umerudi huko, yale maongezi ya watu wanaozungukana. Usiku mmoja kama saa tatu hivi nikajitosa, nikaandika "Leo sijakuona kabisa, nimekumisi 😪". Uso umefumba macho, tone linaning'inia, sasa we niambie hapo kama siyo chozi la mahaba ni nini? Tiki zikageuka bluu. Akaandika, akaacha, akaandika tena, mi moyo uko kooni. Jibu likaja: "Pole kaka angu, naona umechoka, nenda kalale."

Kaka angu! Na usingizi juu!

Asubuhi nikamwonyesha mpwa wangu, yupo chuo huyu, akili yote iko kwenye simu. Akaikuza ile imoji akacheka mpaka akakaa chini. "Anko, hilo siyo chozi, hilo ni kamasi." Nikavaa miwani nikaangalia vizuri, kweli bwana, tone linatokea puani. Kumbe Wajapani kwenye katuni zao mtu akisinzia wanamchorea puto la kamasi linatoka puani, ndo alama yao ya usingizi, na hizi imoji zilianzia kwenye simu za kwao huko mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa hiyo walikuwa wanachorana wenyewe kwa wenyewe, hawakujua kama iko siku mtu wa Mbagala atakuja kutafutia mchumba. Dogo akanifundisha niangalie tone linatokea wapi. Likiwa shavuni chini ya jicho 😢 hapo unalia. Likiwa juu pembeni ya paji la uso 😥 hilo jasho, una wasiwasi. Likitoka puani umesinzia. Haya, nimeelewa, ila nani anakagua pua ya kikatuni saa tatu usiku kwenye kioo kilichopasuka?

Na usidhani ukishajua maana umepona, maana hata mchoro wenyewe haufanani simu kwa simu. Unachotuma wewe siyo picha, ni namba tu, halafu simu ya mwenzio inachukua ile namba inachora inavyojua yenyewe. Kuna kampuni moja kubwa ya simu mpaka mwaka 2018 ile ya kuzungusha macho juu 🙄, ambayo kila mtu anajua ni dharau, wao walikuwa wanaichora inaangalia pembeni na katabasamu. Kwa hiyo mwanamke amekuchoka, anakutumia dharau, wewe kwenye simu yako unaona mtu anakuibia jicho kwa aibu, unaagiza chipsi kuku mbili. Kwenye wasapu nafuu ipo kidogo kwa wenye simu za Android, wanachorewa mchoro mmoja, ila meseji za kawaida kila mtu na simu yake na Mungu wake.

Halafu hii 🌚. Ni mwezi mwandamo, basi, walioichora hawakuwa na neno baya. Vijana wetu wakaigeuza ya mambo ya gizani, mtu akikuwekea hiyo mwisho wa sentensi ujue hapo sentensi haijaisha. Sasa mama mwenye nyumba wangu, mtu mzima, ana wajukuu, akaniandikia "Baba, huku umeme umekatika 🌚". Najua mama wa watu alimaanisha giza! Lakini mi nilikaa kwenye kochi nimeshika simu kama aliyeshika kaa la moto, sijui nijibu pole, sijui nihame.

Bora imoji lakini. Imoji ukiigusa inaingia kwanza kwenye sehemu ya kuandikia, unaiangalia, roho ikisita unaifuta. Stika haina huruma hiyo, ukiigusa imeondoka, na zile ulizotumia karibuni zinajipanga juu kabisa zinasubiri kidole. Yaani ya kumbembeleza mtu imekaa ubavuni na ya kumtukana mshikaji wa kijiweni. Mimi nipo kwenye gurupu la ukoo, la msiba, la vikoba la mke wa marehemu kaka, kwa hiyo stika zangu ni maua yanametameta, kikombe cha chai na "Ubarikiwe". Dada wa saluni ananiandikia "Nimeboreka, niambie kitu kitamu", mi natafuta ile ya busu, kidole kinateleza, linakwenda jeneza lenye mishumaa. Nikaifuta kwa wote fasta. Sasa hapo ndo umejimaliza kabisa, maana pale panabaki alama kwamba kuna ujumbe umefutwa, na mwanamke akiona ujumbe umefutwa saa nne usiku haombi kuelezwa, ameshajieleza mwenyewe.

"Ulikuwa unamtumia nani?"

"Ilikuwa jeneza."

Nimesema ukweli mtupu, na ndo jibu baya kuliko yote niliyowahi kutoa maishani!

Akanuna siku kadhaa. Aliporudi hakurudi na maneno, karudi na stika. Naifungua, uso wangu. Kachukua picha yangu ya profaili, ile ya harusi ya binamu, kanikata pembeni zote nimebaki kichwa na shingo, shavu limejaa pilau, jicho moja nusu, chini kaandika "Nimekumisi". Siku hizi haihitaji hata ufundi, unachagua picha, simu inakata yenyewe, umemaliza. Nikamuuliza mpwa, hapa napendwa au natukanwa? Akasema anko, mtu hahangaiki kukukata asiyekutaka. Kijiweni wakasema ukishageuzwa stika huna heshima tena, tafuta mwingine. Mama ntilie akasema mpelekee vocha uone. Kila mtu profesa.

Nami nikajipa moyo, nikajibu kwa ❤️, nyekundu kabisa, siyo ya njano wala ya kijani, nimeogopa kudhaniwa shabiki wa Yanga. Akajibu 😂. Moja. Zingekuwa nne ningesema kafurahi, ila moja hiyo imekaa katikati, haikukatai wala haikukubali, nimeitazama mpaka simu ikazima.

Shida ya stika anayeipata anaihifadhi kwake, anaipeleka mbele, na hakuna pa kwenda kuirudisha. Wateja wa saluni wakaibeba, waume zao wakaibeba, bodaboda wa pale kona sijui kaitoa wapi ananisalimia nayo. Juzi jioni nipo kwenye daladala, simu ikalia, gurupu la ukoo. Shangazi yangu wa Tanga, macho hayaoni vizuri siku hizi, kamtumia mjomba stika ya "Nimekumisi", halafu chini yake kaandika: "Huyu kaka mbona kama amezidiwa, mwambieni ameze kwanza."

Binamu zangu wote kumi wakajibu 😂, na safari hii hazikuwa moja moja.