Sentimita tatu za nani?

Wiki hii imezunguka tena kwenye simu za watu klipu ya aina ileile. Binti mwenye kipilipili amekaa kitini, nywele zinachuruzika maji, msusi anazivuta kwa kitana mpaka zinalala kwenye nyusi, anakata mstari mmoja ulionyooka kama rula, anatabasamu. Klipu inaishia hapo. Haionyeshi saa moja baadaye, nywele zikishakauka, pale ule mstari unapokuwa umepanda katikati ya paji la uso na kusimama wima kana kwamba umeitwa jina. Akilalamika ataambiwa, "Zitakua tu, mpenzi." Kweli zitakua. Kwa wastani wa milimita nane hivi kwa mwezi.

Kinachoniudhi si mkasi. Ni ile sentensi inayoutangulia: "Nakupunguzia sentimita tatu tu." Tatu za nywele zikiwa katika hali gani? Zimelowa na kuvutwa? Zimekauka na kujikunja? Zimepigwa draya? Kwenye nywele zilizonyooka swali hilo ni la mtu asiye na kazi. Kwenye kipilipili ndilo swali lenyewe.

Unywele wa kipilipili umejizungusha kama springi ya kalamu. Ndani yake kuna nyuzi za protini ya keratini zilizoshikana kwa vifungo vingi. Baadhi ni imara, na ndivyo vinavyovunjwa na dawa ya kunyoosha, visirudi tena. Vingine, vya hidrojeni, ni dhaifu: maji yakiingia vinaachia, yakitoka vinashika upya. Kwa hiyo nywele zikilowa zinalainika, zinavutika, na uzito wa maji nao unazishusha. Zikikauka bila kuvutwa, springi inarudi kwenye umbo lake na urefu unapotea machoni. Unywele haujapungua hata kidogo, umejikunja tu. Kanga mpya nayo hurudi baada ya kufuliwa, lakini kanga ikisharudi imerudi. Nywele zinarudi kila ukiziosha.

Zinarudi kwa kiasi gani? Mawimbi mapana hupoteza urefu kidogo. Kipilipili cha kukaza kinaweza kuficha robo tatu ya urefu wake. Na hapa ndipo wanaotetea kukata zikiwa zimelowa wanapojikwaa, kwa sababu wanadhani nywele zilizolowa zina urefu wao maalumu. Hazina. Kipilipili kilicholowa na kuachwa bila kuguswa bado kimejikunja. Kikipakwa kondishena na kuchanwa kwa kitana cha meno mapana kinashuka. Kikivutwa kwa nguvu kinashuka zaidi. Urefu unaouona pale ni urefu wa mkono wa msusi. Akivuta zaidi upande wa kulia kwa sababu mkono huo ndio wenye nguvu, upande wa kulia utatoka mfupi, na yeye ataapa kwamba alipima.

Tuchukue mtu mmoja tumpime. Chukua kishungi kimoja mbele, kimoja utosini, kimoja juu ya sikio, kimoja kisogoni. Pima kila kimoja kwa rula kikiwa kikavu, hakijaguswa, halafu kivute mpaka kinyooke bila kuuma na upime tena. Tuseme mbele ni sentimita 9 kikavu na 18 kikivutwa: kinachoonekana ni nusu. Utosini ni 6 na 20, yaani tatu ya kumi. Juu ya sikio 8 na 16, nusu tena. Kisogoni 7 na 20, zaidi kidogo ya theluthi. Kichwa kimoja, mtu mmoja, na nywele hazirudi kwa kipimo kimoja. Wala si ajabu, vichwa vingi viko hivyo.

Sasa anataka kishungi cha mbele kifike kwenye nyusi. Kutoka mstari wa nywele hadi nyusi ni kama sentimita 6. Msusi analowesha, anavuta, anakata kwenye nyusi: amebakiza sentimita 6 za unywele halisi. Zikikauka zinaonekana nusu, yaani 3. Ili zionekane 6 zilipaswa kubaki 12. Zimekosekana sentimita 6 halisi, na kwa mwendo wa milimita nane kwa mwezi hiyo ni miezi saba na nusu ya kusubiri. Miezi saba na nusu ya vibanio na vitambaa vya kichwa kwa ajili ya dakika mbili za mkasi.

Au anataka afro ya mviringo. Msusi analowesha kichwa kizima, anavuta kila kishungi, anakata vyote vibaki sentimita 16 ili "viwe sawa". Vikikauka, mbele na masikioni vinaonekana 8, kisogoni kama tano na nusu, utosini chini kidogo ya tano. Juu pamebonyea, pembeni pamefura. Usawa upo, ila upo kwenye nywele zilizovutwa, na hakuna anayetembea mtaani akiwa amevutwa nywele.

Lakini wale wa kukata zikiwa kavu nao wasianze kushangilia, maana kosa lao linafanana, ila limegeuzwa. Rudi kwa yule dada, gusa utosi. Msusi anayekata kavu anaona ncha zimechakaa, anashika kishungi kikiwa kimejikunja, anakata sentimita 2 "tu". Pale utosini kila sentimita 3 zinazoonekana ni sentimita 10 za unywele, kwa hiyo 2 alizokata ni karibu 7 halisi. Ameomba apunguziwe ncha, ameondolewa zaidi ya miezi minane ya ukuaji, na kwa kuwa kwenye kioo zimepungua kidogo tu, hata hajui. Atakuja kujua siku atakaposukwa na msusi akauliza, "Ulikata?"

Kwa hiyo mimi sisemi kavu ni takatifu na maji ni haramu. Ninachosema ni kwamba nywele zikatwe katika hali zitakayovaliwa. Anayevaa afro, au anayeosha na kuziacha zijikunje zenyewe, akatwe zikiwa kavu, zimejikunja, zimepakwa kile anachopaka kila siku. Anayezipiga draya kila wiki akatwe zikiwa zimenyooshwa. Aliye na dawa mpaka kwenye mizizi akatwe zikiwa zimelowa, nywele zake hazina pa kurudi.

Ukataji kavu wa kweli una utaratibu wake, na wengi wanaojidai kuujua wanaruka hatua ya kwanza. Nywele zioshwe siku moja kabla, zifunguliwe mafundo kwa kondishena, zipakwe bidhaa za kawaida, kisha zikauke kabisa. Kabisa maana yake kisogoni, kwenye mizizi, mahali ambapo kipilipili kizito kinaficha maji kwa saa nyingi. Ingiza vidole pale chini. Pakiwa na ubaridi, bado. Ukikata kisogo chenye unyevu na utosi uliokauka, umerudi kwenye kosa la kukata zikiwa zimelowa, safari hii nusu kichwa.

Zikishakauka usizichane. Kuchana kunafungua springi na kuzitawanya, unabaki unakata wingu. Tenganisha kwa vidole, kishungi kwa kishungi, kishike bila kukivuta, kata nusu ya kile ulichokusudia, achia, kiangalie kilipotua. Hapo ndipo uamue nusu ya pili. Hili la nusu lina sababu: nywele zenye mawimbi mapana zina uzito unaozivuta chini, na ukiondoa kipande cha chini, kilichobaki kinapanda zaidi ya ulivyokata. Kwenye kipilipili cha kukaza uzito hauna nguvu hiyo sana, lakini macho yanakosea vilevile. Kwa yule dada wa nyusi, mimi ningeacha sentimita 15 kwanza, sio 12.

Mkasi uwe wa nywele na uwe na makali. Ule uliokata uzi wa rasta asubuhi nzima unatafuna ncha badala ya kuzikata, na ncha iliyotafunwa inachanika upya.

Nakubali, shingo upande, kwamba kuna kazi ambayo kavu-iliyojikunja haiiwezi: kutafuta ncha zilizoharibika. Kipilipili kikiwa kimejikunja, ncha iliyochanika imejificha ndani. Kwa kazi hiyo nyoosha kwanza, kwa kusuka uzi usiku kucha au kwa draya ya moto mdogo, shika kishungi mbele ya kitambaa cheupe, na utaona pale kinapoanza kuonyesha weupe wa kitambaa. Kata hapo, kishungi kimoja kimoja, kwa sentimita halisi, bila kuhangaika na mviringo. Umbo lirekebishwe siku nyingine, zikiwa zimeoshwa na kujikunja. Kuchanganya kazi hizi mbili katika kikao kimoja ndiko kunakozaa vichwa vya ajabu, hasa Dar au Mombasa, ambako hewa yenyewe ni bakuli la maji: afro iliyopimwa ikiwa imepigwa draya inaweza kutoka saluni ikiwa mviringo, na kabla mwenye nayo hajashuka daladala utosi umeshazama.

Najua pingamizi la wasusi. Kukata kavu kunachukua muda, na foleni iko mlangoni. Sawa. Basi bei iwe tofauti na isemwe mapema, kuliko kumkata mtu kwa dakika kumi halafu kumfundisha subira.

Na kama limeshatokea, kishungi cha mbele kiko juu kama kofia ya polisi, jambo moja tu: usikubali "kusawazishiwa". Msusi atataka kupunguza pembeni zifuatane na mbele, na hapo utapoteza na zile zilizopona. Acha pembeni kama zilivyo. Kila ukiosha, sukia kile cha mbele twisti mbili tatu zikiwa bado na maji, zibane zikiwa zimelala kuelekea chini, usizifungue mpaka zikauke kabisa. Kile cha sentimita 6 kilichokuwa kinaonekana 3 kitakaa kwenye nne hivi. Hazitafika kwenye nyusi, ila zitaacha kusimama.