Kastadi ya wakwe na kipande kilichopotea

Idi pili ya mwaka jana wakwe watarajiwa walikuwa wanakuja kumwona dada yangu, nyumbani kwetu Ngamiani hapa Tanga, na mama alishatangaza tangu Ramadhani kwamba siku hiyo hataki kusikia mambo ya soda na biskuti, watu wale watakula pilau, watashushia na kastadi, na kastadi itakaa kwenye LILE bakuli. Lile bakuli la kioo, zito, lina maua ya kuchongwa pembeni, mama kalipata harusini kwake na huwa halitoki kabatini mpaka kuwe na jambo la kukata na shoka.

Shemeji ndo alipewa kastadi. Na shemeji ni mtu wa akili nyingi, sasa akapiga hesabu zake, wageni wanaingia saa nane, kastadi inatoka motoni saa saba, joto la Tanga mnalijua, itapoa saa ngapi? Basi akalitia bakuli kwenye friza tangu asubuhi. Wazo lenyewe lilisikika zuri na mama mwenyewe akamsifia, "huyu ndo mwanamke wa kuolewa."

Kastadi ikaiva, nzito, ya njano, imejaa hiliki mpaka jirani anachungulia dirishani. Shemeji akalitoa bakuli limeota ukungu mweupe, akaliweka juu ya sinia la barafu za kupondaponda, akamimina kastadi inatokota vilevile kutoka kwenye sufuria. Mi nilikuwa palepale jikoni namenya machungwa ya Muheza. Ikasikika *tik*. Kidogo tu.

"Nini hicho?" nikauliza.

"Barafu hiyo shem, inayeyuka."

Tukaendelea na yetu. Shemeji akaenda kujisitiri vizuri kabla ya wageni, mi nikaitwa nje kupanga viti, jikoni pakabaki patupu kwa muda. Kumbukeni hapo.

Tuliporudi shemeji akashika bakuli kwa mikono miwili, akanyanyua, na bakuli likanyanyuka kweli, ila kitako kikabaki kwenye sinia. Yaani kimeachana na mwenzake kiduara. Kastadi yote ikashuka pwaaa kwenye barafu, ikafurika mezani, ikaingia sakafuni, na kile alichobaki nacho mkononi kikagawanyika tena vipande kama vinne. Shemeji alibaki kasimama kaweka mikono vilevile, kabeba hewa. Mama akatokea mlangoni, akaangalia, akasema "Laa ilaha illa Llah," akakaa chini kwenye kigoda.

Sasa kimya kikapita, na mama anapopata nguvu unajua tu kinachofuata. "Ile ya kwenye sinia haijagusa chini. Leteni chujio la chai."

Hapo ndo mjomba akaingia jikoni, na mjomba ni fundi vioo, miaka na miaka anakata vioo vya madirisha, vidole vyake vina makovu kama ramani. Akamshika mama mkono. "Dada, hiyo usiichuje. Kioo kikipasuka hakitoi vipande vikubwa tu, kinatoa na vijiti vyembamba kama sindano, vinapita kwenye tundu la chujio vimesimama wima. Na kwenye kastadi huvioni, maana kitu chenyewe hakina rangi."

Mama hakuridhika, anafikiria maziwa yake yale na unga wa kastadi. Mjomba akaokota kijiti kimoja kwa kibano akakitia kwenye glasi ya maji, tukakiona kingo tu. Akachukua bilauri nyingine akamimina mafuta ya alizeti, akakidumbukiza mle. Bana, kilififia humo karibu chote, unakitafuta kwa kugeuza bilauri kwenye mwanga mpaka macho yanauma. "Na kastadi hata kupitisha mwanga haipitishi. Mwaga yote." Mama akaimwaga yeye mwenyewe, kwenye mfuko mara mbili ili paka wasifike.

Shemeji analia. Anasema bakuli lilikuwa bovu, mbona glasi za chai tunamiminia chai ya moto kila siku na hazipasuki? Na hili swali mi nililipenda, maana nami nilikuwa najiuliza hivyohivyo.

Mjomba akaeleza huku anaokota. Kwamba glasi ya chai ni nyembamba, joto linapita upande wa pili chapchap, ndani na nje vinatanuka karibu pamoja. Bakuli nene sivyo. Ukimimina cha moto, ngozi ya ndani inataka kutanuka sasa hivi, ngozi ya nje bado ina baridi ya friza na haina habari, kwa hiyo ya ndani inaivuta ya nje. Na kioo ukikibana kinavumilia sana, ukikivuta hakivumilii. Akasema kioo hiki cha kawaida tofauti ya nyuzi 50 hivi tayari unacheza kamari, na friza iko chini ya sifuri kama nyuzi 18, kastadi inatokota inakaribia 90, hesabu mwenyewe, umepita 100. Tena chini kuna barafu inazidi kushikilia baridi palepale kwenye kitako, ambapo ndo pana unene kuliko kote.

"Na hili nani alikuwa analisugua na stilwaya?" akauliza, ananyoosha kipande dirishani. Ukikilaza kwenye mwanga unaona mikwaruzo kibao kwa nje. Ufa unapenda kuanzia kwenye mkwaruzo. Mama akaanza kuangalia dari.

Nikamuuliza kuhusu yale mabakuli wanayosema ya kuingia ovini. Akasema kuna kioo kimechanganywa na boroni, ndo kile cha vyombo vya maabara mlichokuwa mnachomea moto shuleni, chenyewe kinatanuka kama theluthi tu ya hiki cha kawaida, ndo maana kinastahimili. Mjerumani mmoja, Otto Schott, ndo alikitengeneza miaka ya 1880 kule. Ila akasema siku hizi mengi ya madukani siyo hayo, ni kioo cha kawaida kilichokazwa kwa kupashwa moto na kupozwa ghafla kama vioo vya pembeni vya gari, kwa kuanguka ni kigumu, ila siku kikiamua hakiachi kipande, jiko zima linakuwa changarawe.

Sasa twende kwenye balaa lenyewe.

Mjomba kavaa glavu zake za kazi, kaviosha vipande kwenye beseni, katandika gazeti, akaanza kulipanga bakuli upya na selotepu. Mi nikajua ni uchungu wa ufundi tu. Kumbe anakagua. Kitako kikakaa. Ukuta ukakaa. Akasema angalieni, ufa ulianza chini, ukapanda, ulipofika mdomoni ukagawanyika mara mbili. Na pale katikati ya ile panda palitakiwa kuwe na pembetatu ndogo, kama kucha ya kidole gumba. Haipo.

Tukatafuta. Tukachuja maji ya beseni, tukalaza simu sakafuni na tochi yake ili kila chembe itupe kivuli, mjomba akakanda donge la ngano akawa analibandika sakafuni na kulibandua, likatoka na vumbi la kioo ambalo ufagio ulishapita juu yake. Tukafungua hadi mfuko wa takataka tukaikorogakoroga kastadi kwa mwiko. Pembetatu haipo.

"Hii ilidondokea ndani, juu ya kastadi," mjomba akasema taratibu. "Kabla bakuli halijanyanyuliwa. Nani kachota?"

Hakuna aliyechota. Mimi hapana. Dada hapana, yeye yuko chumbani anapakwa wanja. Watoto wakaapa mpaka kwa viumbe vya baharini. Mama akaanza kupandisha sauti kwamba kama kuna mtu kakila hicho kioo aseme sasa hivi, hapigwi, apelekwe zahanati.

Babu akakohoa sebuleni.

Jamani babu ana sukari. Sukari ya kupimwa kila asubuhi, daktari kakataza, mama anafungia hata tende kabatini kwa ufunguo. Na babu ndo yule mtu wa "mimi vitu vitamu nilishaviacha, vinanichefua."

"Na... mtu akikila," babu akauliza, anajifanya anasikiliza mpira na redio ilishazimwa, "inakuwaje?"

"Baba!" mama.

"Nauliza tu mimi."

Mjomba akamfuata taratibu, akamchutamia. Babu akavuta pumzi, akaingiza mkono chini ya kochi, akatoa kikombe cha kahawa kina kastadi imeliwa nusu na kijiko kimesimama ndani. Halafu akaingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu ya Idi, akatoa karatasi ya chooni imekunjwa vizuri, akaifunua. Pembetatu hiyo hapo, inang'aa.

"Iligonga meno," akasema. "Nikajua donge la sukari halijayeyuka. Nikaiweka nije nimalizie."

Mjomba akaichukua, akaenda nayo kwenye gazeti, ikaingia pale kwenye panda bila kubaki nafasi. Meno ya bandia ndo yalimwokoa, mwenye fizi tupu angejikata. Shemeji machozi yakageuka kicheko akashindwa kusimama.

Ila mjomba hakucheka. Akasema kipande kikubwa kimepatikana sawa, vidogo je, na nusu kikombe imeshaingia? Tukampakia babu kwenye bajaji mpaka zahanati na kanzu yake. Daktari akamwangalia mdomo na koo kwa tochi, akamminyaminya tumbo, akasema hamna jeraha. Akatuonya tusimtapishe hata kidogo, maana kioo kikirudi juu kinaweza kukata njia ambayo kilishapita salama. Chembe ndogo mara nyingi hutoka zenyewe na choo, ale kama kawaida, ila akipata maumivu makali ya tumbo, akitapika, au tukiona damu au choo cheusi, arudi usiku ule ule. Halafu kwa vile faili lipo mezani akampima na sukari. Ile namba mi siitaji hapa, mama anaweza kuisoma.

Tuliporudi wakwe walishafika, wamekula pilau, wamepewa machungwa kwenye sinia, na wakasema hawajawahi kuona machungwa yamemenywa vizuri vile. Hakuna aliyetaja kastadi, ingawa bibi mmoja alikuwa ananusa hewa na kuuliza ni nani amepika na hiliki.

Mama akampa babu amri ya kutoa ripoti kila akitoka msalani. Na babu, kwa vile alijua ameharibu, akaitekeleza kiaskari. Siku ya tatu wazee wa kiume wa upande wa pili wamerudi kuleta jibu la posa, wameketi barazani, koti limefungwa vifungo, mzungumzaji wao kashafungua na salamu za heshima na dua, watu wote kimya wanasubiri neno. Mlango wa uani ukafunguka, babu akatokea na birika mkononi, kanyoosha kidole gumba juu.

"Choo safi! Hamna damu!"

Mzungumzaji akanyamaza. Akamwangalia babu, akawaangalia wenzake, akasema, "Alhamdulillahi," na wote wakaitikia.