Mzee Aliyekabidhiwa Programu ya Mazishi Yake

Katika kamati ya mazishi hakuna anayesoma jalada. Ukituma rasimu ya programu kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia saa nne usiku, itafunguliwa na ukoo mzima, na kila mmoja atakwenda moja kwa moja hadi kwenye orodha ya jamaa kutafuta jina lake, kisha la shemeji asiyepatana naye, aone nani ametangulia. Mimi niliyeisanifu nitaambiwa kwamba "Dkt." imeachwa, kwamba mjukuu aliyeko Marekani hawezi kuandikwa chini ya mjukuu aliyeko Kitale, na kwamba mke wa pili asiitwe wa pili kwa maandishi. Jalada lenyewe, lenye picha kubwa na jina kwa herufi za dhahabu, halimshughulishi mtu, kwa sababu jina la marehemu kila mtu analijua.

Marehemu wa wiki hiyo alikuwa mwalimu mstaafu wa Bungoma, ambaye nitamwita Zakaria. Mwenyekiti wa kamati alikuwa kaka yake mkubwa, na huyo nitamwita Zakayo, maana majina yao halisi yanakaribiana vivyo hivyo. Nilimwandikia katibu wa kamati kumuuliza, "Niandike jina gani?" Katibu, ambaye dakika ile mawazo yake yote yalikuwa kwenye risiti ya malipo ya awali, akajibu, "Andika Mzee Zakayo." Nikaandika. Rasimu ikaenda kikundini, ikapata mikono ya sala isiyohesabika, ikarudi na masahihisho kumi na moja, yote ya ukurasa wa jamaa, na hatimaye ikaidhinishwa na Mzee Zakayo mwenyewe.

Alhamisi jioni alikuja kuchukua kazi yake kwa fundi wangu wa uchapishaji, ghorofa ya pili katika jengo moja la River Road, Nairobi. Msafara wa kwenda Bungoma ulikuwa uondoke na mwili kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, na maziko yawe Jumamosi. Nakala 300 zilikuwa tayari katika maboksi mawili. Mzee akachomoa moja, akaisogeza mbali na macho, akaikaribisha, akavaa miwani.

"Picha ni ya Zakaria," alisema taratibu. "Miaka ni ya Zakaria. Sasa mbona aliyekufa ni mimi?"

Fundi aliacha kutafuna. Mimi nilisogea nikasoma jalada, kwa mara ya kwanza kwa macho ya mtu anayetafuta marehemu, na kweli, katikati ya njiwa wawili na mawingu ya zambarau, Mzee Zakayo alikuwa amepumzika kwa amani.

Wazo la kwanza la fundi lilikuwa stika: kuchapa jina sahihi kwenye karatasi yenye gundi na kulibandika juu ya lile baya. Ni njia ya haraka na ya bei nafuu, na pale ambapo jalada ni la rangi moja tupu huweza kupita. Lakini mandhari yetu ilikuwa zambarau inayofifia kuwa nyeupe, na kiraka juu ya rangi ya namna hiyo huonekana hata na mtu aliyeketi nyuma ya hema. Mzee alipinga kwa sababu nyingine. "Stika hubanduka," alisema. "Mvua ya Bungoma unaijua? Ikibanduka mbele ya kaburi, watu wataniona mimi pale chini."

Hapo ndipo muundo wa kijitabu ulipotuokoa. Programu ile ilikuwa na kurasa 16 za A5, ambazo ni karatasi nne tu za A4 zilizokunjwa katikati na kuingizwa moja ndani ya nyingine, kisha zikapigwa pini mbili kwenye mkunjo. Karatasi ya nje kabisa, ya gramu 200, hubeba kurasa nne peke yake: ya 1, ya 2, ya 15 na ya 16. Jina kwenye ratiba, kwenye wasifu na kwenye shukrani lilikuwa sahihi, kwa kuwa hayo yaliandikwa na binti wa marehemu na si katibu. Kwa hiyo hatukuhitaji kuchapa kitabu upya. Tulihitaji kung'oa pini, kuvua koti la nje na kuvalisha jingine. Majalada 300 hutoka kwenye karatasi 150 za SRA3, mawili mawili, pande zote mbili, na mtambo wa dijitali hauna haja ya bamba jipya kama ule wa ofseti.

Tatizo lilikuwa faili. Fundi alikuwa na PDF, na katika PDF ile nilikuwa nimeyageuza maandishi yote kuwa michoro, jambo ambalo kila msanifu mwenye akili hulifanya, kwani kompyuta ya mchapaji isipokuwa na fonti yako huchagua ya kwake, na marehemu akazikwa kwa herufi za mwaliko wa harusi. Ubaya wake ni kwamba jina hugeuka kuwa picha ya jina, huwezi kuweka kishale katikati ya Zakayo ukafuta "yo." Faili yenyewe ya CorelDRAW ilikuwa nyumbani Umoja, na Alhamisi jioni kutoka River Road hadi Umoja na kurudi ni safari ambayo mtu huaga watu wake kwanza.

Nikampigia mwanangu wa kidato cha pili. Alifungua folda na kunisomea kwa sauti: `final.cdr`, `final2.cdr`, `final_kamati.cdr`, `final_kamati_ya_kweli.cdr`. "Baba, ya kweli ni ipi?" Mzee Zakayo, aliyekuwa akisikiliza, alinitazama kama mtu anayeanza kuelewa jinsi alivyokufa. Nilimwambia kijana achukue ya mwisho, na kwamba asiitume hivyo hivyo, kwa sababu toleo la zamani la CorelDRAW alilonalo fundi halifungui faili la toleo jipya. Aende Save As, ashuke kwenye Version, achague namba ya chini, kisha atume pamoja na fonti. Alituma faili, akasahau fonti, akaniomba pesa za bando, akatuma fonti.

Nilipoandika jina sahihi, likagoma kuenea. "Mzee Zakayo" ni maneno mafupi, na nilikuwa nimeyapanga kwa herufi kubwa zilizojaza upana wa jalada vizuri sana. "Mwalimu Zakaria," pamoja na jina la baba ambalo binti alisisitiza kwa simu liwekwe, lilitoka nje ya ukingo upande mmoja na kumpiga njiwa upande wa pili. Kuyabana maandishi kwa upana ni dhambi. Herufi hukonda kama zimeugua. Nilipunguza ukubwa hadi likakaa, nikawasogeza njiwa, na safari hii nikamwita mzee, fundi, msaidizi wake na mlinzi wa jengo, nikawasomesha jina kwa sauti, herufi moja moja. Mlinzi alisoma vizuri kuliko wote, kisha akatukumbusha kwamba lango hufungwa saa tatu usiku, awe amekufa nani.

Wakati majalada yakitoka, sisi wengine tulikaa tukang'oa pini. Kuna namna yake: unafungua kitabu katikati, unainua miguu ya pini kwa ncha ya kisu cha siagi, unageuza, unavuta kutoka mgongoni, ukivuta kwa pupa, karatasi hupasuka mkunjoni. Mzee alikataa kukaa bure, akavua koti, akashika kisu, na alikuwa na mkono mzuri, ila kila kitabu alichokifungua alikisoma. Tulipata hivyo maoni yake juu ya wasifu, juu ya picha ya harusi ya 1978 ambamo alikatwa nusu ya uso, na juu ya wimbo wa nne.

Katikati ya kazi simu yake ililia. Binamu mmoja wa Eldoret alikuwa ameoneshwa jalada na mtu wa kikundini, naye, bila kujua anazungumza na nani, akaanza, "Poleni sana, kumbe wamefuatana! Nimetuma mia tano ya Zakayo pia." Mzee alinyamaza kwa muda mrefu.

"Zakaria ulimtumia ngapi?"

"Elfu mbili."

"Na mimi mia tano?"

Laini ilikatika kwa upande wa Eldoret.

Majalada mapya hayakuweza kukunjwa kwa mkono moja kwa moja. Wino wa unga wa mtambo wa dijitali hukaa juu ya karatasi badala ya kuingia ndani, na karatasi nzito ikikunjwa bila kuchorwa mkunjo kwanza, wino hupasuka na kuacha mstari mweupe mgongoni, ambao juu ya zambarau huonekana kama kovu. Mashine ya kuchora mikunjo ilikuwa kwenye duka la jirani lililofungwa. Tulitumia rula ya chuma na kalamu iliyokwisha wino, tukikandamiza kila jalada katikati kabla ya kulikunja. Tuliyaacha mapana kidogo makusudi, kwa kuwa vitabu vilikuwa vimekwisha kukatwa kingo; tukapiga pini kwa stepla ndefu, kisha fundi akavirudisha kwenye giloteni na kunyoa milimita moja, ili jalada na kurasa za ndani ziishie mahali pamoja. Angenyoa mbili, namba za kurasa zingeanza kukaribia hatari.

Mlinzi alipokuja kutikisa funguo, boksi la pili lilikuwa linafungwa. Nilidhani tumemaliza, lakini mzee alitaka majalada mabaya yote, kwa hesabu. Hayachanwi, alisema, hayachomwi, na hayauzwi kwa wauza karanga, kwani hataki jina lake lizunguke mjini likifungiwa njugu. Yakahesabiwa juu ya meza: 299. Tuliinua mtambo, tukapekua pipa, tukamkagua msaidizi. La 300 alikuwa nalo mlinzi, ambaye alilichukua mapema, akalikunja mara nne na kulitia chini ya mguu wa meza yake iliyokuwa ikiyumba pale langoni. Alilirudisha kwa kusitasita, meza ikaanza kuyumba tena.

Mzee alilikunjua, akaliweka kando ya jalada jipya chini ya taa, akavaa miwani, akayalinganisha kwa utulivu wa mtu asiye na msafara wa alfajiri.

"Kijana," alisema, "mbona langu lilikuwa na herufi kubwa zaidi?"

Nilimweleza habari ya urefu wa jina. Alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa, akalikunja lile la 300 na kulitia katika mfuko wa ndani wa koti.

"Hilo faili usilifute," alisema. "Ila picha nitakuletea nyingine, na pale kwenye mwaka wa pili acha wazi."

Kisha akadai apunguziwe bei.