Kabla ya kupunguza ugali, uliza kwanza kuhusu vidonge vyako

Makundi ya WhatsApp ya kupunguza mwili yamejaa, na kila Januari yanazaliwa mengine. Unalipa kiingilio, unatumiwa ratiba: asubuhi mayai mawili na chai kavu, mchana mboga na kipande cha samaki, usiku matunda au kufunga kabisa, na kila alfajiri utembee saa nzima. Ratiba hiyohiyo anapewa kijana anayetaka kupunguza tumbo kabla ya harusi yake, na mama wa miaka 56 mwenye kisukari na presha. Katika ratiba zote nilizowahi kuonyeshwa, hakuna hata moja inayoanza kwa kumuuliza mtu anatumia dawa gani. Kwangu mimi hilo ndilo swali la kwanza, kabla ya kilo na kabla ya kalori, na anayeuza ratiba bila kuliuliza anacheza na maisha ya watu.

Sisemi mwenye kisukari asipungue. Apungue, tena faida yake ni kubwa. Wengi mmesikia kuhusu utafiti wa Uingereza uitwao DiRECT, uliotoa matokeo yake ya mwaka wa kwanza 2017. Watu wenye kisukari aina ya pili walikula kati ya kalori 825 na 853 kwa siku kwa miezi kadhaa, na baada ya mwaka karibu nusu yao sukari ilikuwa imerudi chini bila dawa. Habari hiyo husambazwa sana. Kinachoachwa ni kwamba vidonge vyao vya sukari na vya presha vilisimamishwa siku ileile walipoanza mlo, chini ya uangalizi, na waliokuwa wanatumia insulini hawakuingizwa kabisa. Mlo na dawa viliguswa kwa pamoja. Huku kwetu mtu anapunguza mlo peke yake, dozi inabaki ileile.

Sababu ya hatari ni rahisi kuielewa. Dozi yako ilipangwa kulingana na chakula ulichokuwa unakula. Glibenklamidi, ambayo wagonjwa wetu wengi wanaitumia, huilazimisha kongosho itoe insulini, umekula au hujala. Insulini ya sindano ndiyo hivyohivyo: ikishaingia, inafanya kazi. Metformini ni tofauti, kwa sababu yenyewe ikiwa peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Kwa hiyo watu wawili wenye kisukari wanaweza kufuata mlo mmoja, mmoja akapungua salama na mwingine akaanguka jikoni.

Tumchukue yule mama wa miaka 56. Anameza glibenklamidi miligramu 5 asubuhi na jioni, pamoja na metformini, na kwa presha ana losatani na kidonge cha kukojoza. Jumatatu anaanza. Saa kumi na mbili asubuhi anameza vidonge kama kawaida, lakini badala ya chai na chapati anatoka kutembea tumbo tupu. Misuli inapofanya kazi inavuta sukari kutoka kwenye damu, na kidonge nacho kinaishusha. Kufika saa nne anatokwa na jasho jembamba shingoni, mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, anamjibu mtoto kwa hasira bila sababu. Akiandika kwenye kundi anajibiwa, "Vumilia, mwili unatoa sumu." Hakuna sumu inayotoka. Angejipima angekuta 3.2 mmol/L, na chochote chini ya 3.9 (yaani 70 kwa mashine zinazosoma mg/dL) ni sukari iliyoshuka.

Hapo anywe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, akae chini, ajipime tena baada ya dakika 15, arudie ikiwa bado iko chini. Ikishapanda ale kitu cha wanga kama mkate au ndizi. Akipoteza fahamu asimiminiwe kitu mdomoni, apelekwe hospitali. Na hata akipata nafuu kazi haijaisha, kwa kuwa glibenklamidi hukaa mwilini kwa saa nyingi na sukari inaweza kushuka tena jioni au usiku, hasa kwa mzee au mwenye figo zilizochoka. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linasema dawa hii haiwafai waliovuka miaka 60. Kama mzazi wako bado anaimeza, muulize daktari kuhusu gliklazidi, dawa ya kundi hilohilo, nayo itahitaji uangalizi uleule akibadili mlo.

Usiku ndio huwapita wengi. Baada ya mazoezi misuli huendelea kujaza akiba yake ya sukari hadi siku ya pili. Ukiamka shuka limelowa jasho, kichwa kinauma na umeota ndoto za kutisha, jipime saa tisa usiku siku inayofuata ya mazoezi.

Kwenye presha mambo huenda taratibu zaidi. Ukipunguza wanga, insulini mwilini inashuka na figo zinaachia chumvi na maji. Zile kilo mbili tatu za wiki ya kwanza, ambazo kundi zima linazishangilia, kwa sehemu kubwa ni maji. Mama yetu anameza kidonge cha kukojoza juu ya hayo, anatoka jasho njiani, halafu akiinuka kitandani anaona giza. Kulipima hili ni rahisi: pima presha ukiwa umekaa na kutulia dakika tano, kisha simama, upime baada ya dakika moja na baada ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, rudi kliniki kabla ya kuendelea. Akiharisha au kutapika, losatani na kidonge cha kukojoza kwa pamoja vinaweza kuumiza figo, kwa hiyo siku hiyo hiyo awasiliane na kliniki. Kwa upande mwingine, mwenye presha ya 180 kwa 110 au zaidi asianze mazoezi mpaka ishuke.

Wanaotumia atenololi au propranololi, dawa za presha na moyo, wana tatizo lao. Dawa hizi huficha mtetemeko na mapigo ya moyo, kwa hiyo sukari ikishuka dalili inayobaki wazi ni jasho. Wakiona jasho lisiloeleweka, wajipime. Lakini asije mtu akaziacha ghafla kwa kusoma hapa, maana kuziacha ghafla kunaweza kuleta maumivu makali ya kifua. Insulini nayo, kwa mwenye kisukari aina ya kwanza, haiachwi hata siku moja.

Siku ya kliniki foleni ni ndefu na daktari ana dakika chache, kwa hiyo nenda na mpango wako kwenye karatasi: "Nitaacha ugali wa usiku, nitatembea dakika 40 asubuhi, ninameza hivi na hivi. Nipunguze kipi, na kwa kiasi gani?" Swali la namna hiyo linajibika. Omba pia miguu iangaliwe kama ina ganzi, na macho kama yana mishipa inayovuja damu, kwa sababu mwenye macho ya hivyo hatakiwi kunyanyua vyuma vizito.

Najua vijiti vya kupimia ni ghali, na sitamwambia mtu ajipime mara saba kwa siku. Kama unavyo vichache, vitumie kabla ya kutembea, kabla ya kulala, na kila unapojisikia vibaya. Ukiwa kwenye insulini au glibenklamidi na kipimo kiko chini ya 5 kabla ya kutembea, kula ndizi kwanza. Kikiwa juu ya 14 na unajisikia mgonjwa, usitembee siku hiyo. Andika kila namba na saa yake, na baada ya wiki mbili rudi na karatasi hiyo kwa daktari, kwa sababu uzito ukiendelea kushuka dozi itahitaji kupunguzwa tena.